Akili mnemba inanipimia madirisha kwenye picha, kila dirisha ni sentimita 120, na bawaba za kulia inasema za kushoto

Fundi_Fremu
Wakuu habari za jioni. Mimi fundi aluminiamu niko Dar ila wateja wengi wanajenga huko Kibaha, Chanika, Mkuranga. Mtu anataka makadirio leo leo, ukienda saiti kupima ni nauli na nusu siku imekwenda halafu hakupi kazi. Nikaona nimwambie mteja anitumie picha za Watsapu, naziweka kwenye apu ya akili mnemba naiuliza upana. Nikamwambia aweke na karatasi ya A4 ili iwe na kitu cha kulinganishia, mwanae akaishika karatasi amesimama mbele ya dirisha. Jibu: sentimita 120. Nimeenda na futi, 146. Mlango wa jikoni nao nikauliza bawaba ziko upande gani ikasema kushoto, nikakata profailo, kufika pale ziko kulia, hasara ni yangu. Inaongea kwa kujiamini utadhani ilikuwepo saiti. Nakosea wapi mimi au ndo ilivyo?

ChanikaJuu
Watsapu inabana picha mkuu, ndo tatizo lako hilo. Mwambie atume kama dokumenti sio kama picha, utaona inapima vizuri.

Mzee wa Futi
Kijana nunua mita ya leza, unabonyeza tu inakupa namba. Picha ya nini?

Fundi_Fremu
Mzee shkamoo, leza ninayo, shida ni kufika saiti penyewe ndo maana nauliza picha.

Lenzi_Chafu
Nafanya kazi na ramani za picha za droni kwa hiyo haya maumivu nayajua. ChanikaJuu yuko sawa nusu, picha iliyobanwa inapoteza ukingo wa fremu, na hata ukituma kubwa modeli yenyewe inaipunguza kabla ya kuiangalia. Mfano LLaVA-1.5, modeli ya akili mnemba inayosoma picha, hiyo iko wazi kila mtu anaweza kuichungulia, picha yako inakuwa pikseli 336 kwa 336 halafu inakatwa vipande vya 14 kwa 14, yaani 24 kwenda na 24 kushuka. Dirisha likichukua theluthi ya picha limeenea vipande 8 tu, gawa 146 kwa 8, kila kipande kimebeba kama sentimita 18 za ukuta. Za siku hizi zinachukua picha kubwa zaidi lakini bado hakuna mahali inaweka rula ikahesabu pikseli, inatoa namba inayofanana na majibu ambayo watu huandika.

Ila kabla hatujailaumu, hebu fanya jaribio. Ikate ile karatasi kwenye picha, ifute kabisa, uliza upya. Ikisema 120 tena basi karatasi haikuwa inaiangalia hata mara ya kwanza.

Fundi_Fremu
Nimefanya sasa hivi. Bila karatasi: 120. Nikaweka na dirisha la choo changu ambalo najua ni 60, ikasema "takribani 60". Sasa hapa imepatia!

Lenzi_Chafu
Imepatia kwa sababu dirisha la choo kwa kawaida ni 60 😂 na la sebuleni futi nne ndo hiyo 120 yako. Inakisia dirisha la kawaida, la mteja wako sio la kawaida.

Na cha kuchekesha, hata angekuwepo mtu makini na rula ile picha ingemdanganya vilevile. Tuseme simu ilikuwa mita 3 kutoka dirishani na mtoto kasimama nusu mita mbele ya dirisha, karatasi iko mita 2.5. Kitu kilicho karibu kinaonekana kikubwa, hapo karatasi imekua mara 1.2, kwa hiyo kila kitu unacholinganisha nayo kinasinyaa, 146 gawa kwa 1.2 unapata karibu 122. Umeona? Makosa mawili tofauti yamekupa namba moja ukadhani ni kosa moja. Picha moja peke yake haijui umbali, dirisha dogo la karibu na kubwa la mbali zinatoka sawasawa.

Karatasi ibandikwe ukutani kabisa, bapa, pembeni ya tundu, na upime kingo za tundu zilizo usawa wa ukuta. Ukipima fremu iliyoingia ndani sentimita 10, kwa umbali ule ule 146 inakuwa 141.

KenchiBoy
Samahani nadandia, mimi ni mapaa. Niliipa picha ya nyumba imepigwa kutoka kwenye kona ikaniambia mwinuko ni nyuzi 45, kenchi zimekatwa kwa 30. Nayo ni hayo hayo?

Lenzi_Chafu
Ukisimama kwenye kona upana wa nyumba unajikunja ila kimo kinabaki, kwa hiyo paa linaonekana limesimama zaidi. Kona ya nyuzi 45 na paa la 30 kwenye picha unaona kama 39. Hapo imetoka 39 mpaka 45, nahisi ni kwa vile 45 ni namba ya mazoea kama 120 ya mwenzio, ila hilo siapi. Piga ukiwa umeikabili pembetatu ya ukuta uso kwa uso, simama mbali.

mama_Rehema
Na kushoto kulia je? Mbona hilo hamjamjibu, na ndo limemla hela.

Lenzi_Chafu
Kweli dada. Hizi modeli zimejifunza kwa picha zenye maelezo ya watu. Mtu akiweka picha ya mlango anaandika "mlango mpya wa jikoni", nani anaandika bawaba ziko kushoto? Maelezo hayo ukiigeuza picha kama kioo bado ni kweli, kwa hiyo imeweza kufaulu mafunzo bila kujali upande. Wengine wanaofundisha modeli za picha huwa wanazigeuza makusudi ili wapate picha nyingi, kwa kutambua paka haina neno, kwa bawaba ni msiba. Na hata walioandika "kushoto", kushoto kwa nani, anayetazama au aliyeko pichani? Fundi geuza ile picha ya mlango uulize tena.

Fundi_Fremu
Nimegeuza. Bado kushoto. Yaani hapa ndo imepatia sasa 😭

mama_Rehema
Si uangalie bawaba kwa macho yako tu kaka?

Fundi_Fremu
Dada siku nyingine napokea picha arobaini. Ila sawa, hilo nitaangalia mwenyewe, na mteja aseme kapiga akiwa ndani au nje maana bawaba ya kulia ukiwa nje ni ya kushoto ukiwa ndani.

Lenzi_Chafu
Vipimo pia usiiulize. Karatasi ni milimita 210 kwa 297, bonyeza kona zake nne na kona nne za tundu, `cv2.getPerspectiveTransform` ya OpenCV inatafuta jinsi ya kunyoosha ukuta, `cv2.perspectiveTransform` inazihamisha kona za tundu kwenye ukuta ulionyooka, mengine ni hesabu. Nikutumie kijiprogramu changu. Ila A4 ikiwa na upana wa pikseli 150 hivi, ukikosea pikseli moja tu dirisha lako limeyumba sentimita moja. Makadirio sawa, kukata hapana.

Fundi_Fremu
Nimerudi. Jana mteja kabandika karatasi ukutani, nimepata 144 na nusu, futi 146. Kwa bei inanitosha. Swali: dirisha la ghorofani karatasi nani atapanda kubandika?

Mzee wa Futi
Hesabu kozi za tofali. Tofali ni inchi 18 kwa 9, ongeza na udongo wa katikati. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo hata simu hazijaja.

Fundi_Fremu
Imepigwa plasta mzee.