Mrejesho: jaribio la haiba kutoka kwa afisa ajira

Niliuliza: "Afisa ajira wa Nairobi kanitumia linki ya jaribio la haiba. Nijibuje bila kuonekana msumbufu, nijue majibu yanatumikaje?"

Asanteni wakuu. Barua pepe niliyotuma ni hii:

"Habari. Nimepokea linki, nitafanya jaribio kabla ya Ijumaa. Naomba kujua: ni jaribio gani, matokeo yanamchuja mtu au yanatumika kuandaa maswali ya usaili, nani atayaona, yatahifadhiwa kwa muda gani, na kama nitapata nakala. Ahsante."

Kukubali kwanza na kutaja siku ndiko kunakoondoa usumbufu. Maswali yanabaki ya kawaida.

Jibu likija, angalieni jina la jaribio. Kama ni MBTI, wachapishaji wake wenyewe wanasema lisitumike kuchagua wa kuajiri. Kama ni la kuchagua kauli moja "inayonifaa zaidi" na nyingine "isiyonifaa", alama zake kwa kawaida zinalinganisha tabia zako zenyewe kwa zenyewe. Ukipata juu kwenye "mpangilio", maana yake umeupa uzito kuliko "ushawishi". Haimaanishi umemzidi mwombaji mwenzako. Kuwapanga watu kwa alama hizo ni kosa.

Wakijibu "mfumo ndio unachuja", Kenya kuna kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: uamuzi mzito ukifanywa na mashine pekee, unaweza kuomba uangaliwe upya.

Mimi nimejibiwa ni kwa maswali ya usaili tu. Nakala naisubiri.