Naomba ushauri: vitabu vya watafiti wa wanyamapori kwa mtu asiyemudu kwenda hifadhini

Mshonasare_Tabora

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona sare za shule hapa Tabora, na tangu utotoni napenda wanyama, lakini hadi leo sijawahi kukanyaga hifadhi yoyote. Hesabu nimezipiga mara nyingi, na kila mara nauli, malazi na gari la kuzungukia vinanirudisha kwenye cherehani.

Mwaka huu mteja mmoja aliniachia kitabu cha Jane Goodall, *In the Shadow of Man*, kilichotoka mwaka 1971, kinachoeleza maisha yake na sokwe wa Gombe. Hakina jalada, na kurasa za mwisho zimechanika. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo nilikisoma kwa miezi mitatu nikiwa na kamusi pembeni. Mahali paliponishika ni pale anapomnyooshea David Greybeard, yule dume mwenye ndevu nyeupe, tunda jekundu la mchikichi. Sokwe akalichukua, papo hapo akaushika mkono wa Jane kwa upole, kisha akauachia na kuliacha tunda lianguke. Chikichi nazijua, kwa sababu bibi yangu alikuwa akikamua mawese, na nilipofika hapo nilijiona nimekaa kando yao.

Nina maswali mawili. La kwanza, nisome kipi baada ya hiki, nikiwa na uwezo wa kununua kitabu kimoja tu kwa sasa? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: mtu kama mimi, ambaye hatawahi kwenda kuhakikisha kwa macho, atajuaje lipi mwandishi aliliona na lipi alilikisia?

Msafiri_Moro

Dada yangu, usikate tamaa mapema. Kiingilio kwa sisi raia si kikubwa kama watu wanavyodhani, kinachomaliza fedha ni gari. Tafuteni watu wa kuchangia mkodishe pamoja. Tena barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, na abiria wa basi huona twiga na pundamilia bila kulipa chochote. Mimi nimeona tembo wanne nikiwa dirishani, na nilikuwa ninakwenda msibani tu.

Mshonasare_Tabora

Ahsante sana kaka, na hilo la basi nitalikumbuka siku nikipata safari ya upande huo. Ila swali langu ni la vitabu.

Mwl_Baiolojia

Mimi nafundisha sekondari, na ushauri wangu ni kwamba usikiamini sana kitabu hicho. Goodall aliwalisha sokwe ndizi kambini ili aweze kuwaona kwa karibu, na ndizi hizo ziliwafanya wakusanyike mahali pamoja na kugombana. Baadaye vikaja vile vita vya mwaka 1974 hadi 1978, ambapo kundi moja la sokwe lililimaliza jingine. Vita hivyo vilisababishwa na ndizi, na mwandishi hakuwaeleza wasomaji wake ukweli huo. Soma vitabu vya kiada, vina uhakika zaidi.

Mfuatanyayo

Mama, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi ipokee kwa heshima. Mimi nilifanya kazi ya usaidizi wa utafiti wa nyani kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo swali lako la pili ndilo lililokuwa kazi yangu ya kila siku.

Kwanza nimjibu Mwalimu, maana amesema jambo la kweli na la makosa kwa pamoja. Ndizi zilikuwepo, na ziliharibu mambo: sokwe walijazana kambini, nyani nao wakaja, ugomvi ukaongezeka, hadi ulishaji ukapunguzwa sana mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini si kweli kwamba mwandishi alificha. Kituo cha ndizi na matatizo yake vimo humo humo ndani ya kitabu cha 1971, na mama huyu bila shaka amevisoma.

Sasa kitabu cha kununua. Ningenunua *Through a Window* cha mwaka 1990, cha mwandishi yuyo huyo, kwa sababu watu wake tayari unawajua. Katika kitabu ulicho nacho umemwona Goliath akiwa dume lenye nguvu, rafiki wa David Greybeard. Umemwona pia Faben, mwana wa Flo, akipooza mkono mmoja wakati wa mlipuko wa polio wa mwaka 1966. Katika kitabu cha pili utamkuta Goliath ni mzee aliyekonda, amehamia na wenzake upande wa kusini, wale wanaoitwa kundi la Kahama, na mwaka 1975 madume wa kundi la Kasakela, wenzake wa zamani waliobaki, wanamvamia, Faben akiwa mmoja wao. Mtu anayeanzia kitabu cha pili atasoma habari ya shambulio. Wewe utasoma habari ya Goliath.

Kuhusu kuona na kukisia, nitatumia tukio moja tu. Tarehe 7 Januari 1974, dume wa Kahama aitwaye Godi alikuwa akila peke yake. Madume wa Kasakela, wakifuatana na jike Gigi, wakamnyatia. Humphrey akamvuta mguu na kumkandamiza chini, wengine wakampiga na kumng'ata kwa takriban dakika kumi, kisha wakaondoka. Godi aliinuka akiwa na majeraha mabaya, na hakuonekana tena. Ukisoma vitabu na magazeti utakuta imeandikwa kwamba Godi aliuawa. Hilo ni kisio. Ni kisio zuri, nami naliamini, lakini maiti haikupatikana. Kilichoonwa ni dakika kumi za kipigo, na aliyekiona hakuwa Jane Goodall. Alikuwa Mtanzania, Hilali Matama, mmoja wa wasaidizi wa utafiti wa Gombe.

Kwa hiyo kila ukurasa uulize: nani alikuwa amesimama pale? Mwandishi mwaminifu hukuachia alama. Huandika kwamba msaidizi fulani alimfuata mnyama fulani, tangu anaposhuka kwenye kiota alfajiri hadi anapojenga kingine jioni. Hukuambia pia pale alipompoteza. Mwandishi anayekueleza mnyama aliwaza nini usiku, bila kukuambia alijuaje, huyo msome kwa raha lakini usimtolee ushahidi. Wapo wanaochanganya yote mawili kwa uwazi. Cynthia Moss, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu tembo wa Amboseli, huanza sura kwa masimulizi aliyoyajenga mwenyewe kuhusu familia moja ya tembo, kisha hugeuka kueleza utafiti wenyewe, na msomaji huona mpaka ulipo.

Jambo jingine ambalo wasomaji wa Kiswahili hawaambiwi vya kutosha: mwezi Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne pale Gombe, na baada ya hapo watafiti wa kigeni wakaondolewa. Kazi haikusimama. Waliobaki kuwafuata sokwe ni wasaidizi Watanzania, nao waliandika kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya habari za vita hivyo ilitoka kwenye madaftari yao.

Mwl_Baiolojia

Nakubali kuhusu kuficha, nilikosea, na namwomba radhi mama. Lakini kwenye ndizi sijashawishika. Hata Mahale, ambako watafiti wa Kijapani waliona kundi moja likipoteza madume yake mmoja baada ya mwingine, sokwe walikuwa wakilishwa miwa. Mahali pawili, ulishaji mahali pawili.

Mfuatanyayo

Hoja hiyo ina uzito, na watafiti wenyewe waliibishania kwa miaka mingi. Lakini ongeza mahali pa tatu: Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale kule Uganda, sokwe hawakulishwa ndizi wala miwa, na bado waliwaua majirani zao na kuitwaa sehemu ya eneo lao. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha jamii 18 za sokwe, na mauaji hayakufuata ulishaji wala usumbufu wa binadamu. Hata hivyo, hiyo inajibu kama sokwe huua bila kulishwa. Haijibu kama kundi la Gombe lingegawanyika wakati ule na kwa namna ile bila ndizi. Wengine wameuhusisha mgawanyiko huo na kugombea ukubwa kati ya madume watatu, Humphrey, Charlie na Hugh. Hapo mimi na wewe tunaweza kuendelea kutofautiana.

Mkulima_Kalinzi

Nawasoma wote kwa makini, lakini mimi naishi huku huku Kigoma, na nina neno. Nyani wamekula mahindi yangu misimu miwili mfululizo. Vitabu hivi huandikwa na watu wanaolala kambini, si watu wanaolala shambani wakilinda. Je, kuna hata kimoja kinachomtazama mkulima bila kumfanya adui?

Mfuatanyayo

Ndugu yangu, lalamiko lako ni la haki. Mtafute Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa mifugo wa Uganda, na kitabu chake *Walking with Gorillas* cha mwaka 2023. Mwaka 1996 aliitwa msitu wa Bwindi kwa sababu sokwe wakubwa wa milimani, yaani gorila, walikuwa wakinyonyoka manyoya na kukonda. Ulikuwa upele, na mtoto mmoja alikufa kabla wengine hawajatibiwa wakapona. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa watu wa jirani, ambao hawakuwa na huduma nzuri za afya. Inadhaniwa gorila waliupata kwenye nguo chakavu zilizovishwa sanamu za kutishia wanyama shambani. Hakuishia kumlaumu mkulima. Alianzisha kazi ya kutibu watu na wanyama kwa pamoja. Fidia ya mahindi yako hutaikuta humo, lakini utajikuta wewe mwenyewe.

Binti_Maktaba

Kuhusu kupata vitabu kwa bei nafuu: mama, anzia maktaba ya mkoa, na usiulize kwa jina la kitabu tu, omba uonyeshwe rafu ya wanyama, kwa sababu nakala za zamani mara nyingi hazimo kwenye orodha. Pia kwenye tovuti ya archive.org ukijiandikisha bure, baadhi ya vitabu huazimwa kwa saa moja moja. Kurasa ni picha, zinakula bando, kwa hiyo soma sura moja kisha utoke. Kabla ya kununua cha mitumba, hesabu kurasa za picha katikati. Wauzaji wengine huzichana.

Mshonasare_Tabora

Nawashukuru nyote. Nimerudi kwenye kitabu changu usiku huu, nikaanza kuweka alama ya penseli kila mahali mwandishi anapotaja aliyekuwepo, na tayari nimeona mahali ambapo hamtaji mtu. Mfuatanyayo, hayo madaftari ya Kiswahili yanafananaje? Ningependa kuona hata mistari michache.

Mfuatanyayo

Ya Gombe si yangu kuyatoa. Nakunakilia ya kwangu, siku moja ya nyani jike tuliyemwita Kidole:

"Saa 3:00, juu ya mkuyu, anakula, mtoto kamshikilia tumboni. Saa 3:15, juu ya mkuyu, anakula. Saa 3:30, ameshuka, anakaa, dume Jembe hatua 10. Saa 3:45, simwoni, majani marefu. Saa 4:00, simwoni. Saa 4:15, yuko mtoni, anakunywa, mtoto mgongoni, Jembe hayupo. Ana jeraha jipya sikio la kushoto. Sikuona lilivyotokea."