Kushtuka usingizini na paniki: ile dakika ya kwanza mlifanya nini? Tupeane uzoefu

Fundi wa Free Area: Wadau naanza mimi. Jumatano nimelala saa 5 usiku vizuri tu, sikuwa na stresi yoyote, saa 6:40 nikajikuta nimekaa kitandani moyo inadunda hadi naisikia kwa masikio, pumzi haishuki, na kuna ile hisia ya kwamba ni sasa nakufa. Sikuwa naota kitu. Nikakimbia nje na leso tu, baridi ya Nakuru mnaijua, nikawa navuta hewa kwa nguvu nikidhani itanisaidia, kumbe ndio vidole vikazidi kuwashawasha, midomo ikafa ganzi, mwisho vidole vikajikunja vikakataa kunyooka. Mzee wangu akaita boda. Kufika hospitali imeshatulia, wakapima moyo kwa mashine, sukari, presha, yote sawa, daktari akasema ni paniki nirudi nyumbani. Sasa naogopa kulala. Wenye imewapata mnafanyanga nini mwanzo kabisa?

Baba Tatu Bungoma: Pole dada. Hiyo kwetu tunajua ni jinamizi, inanikaliaga kifuani siwezi sogeza hata kidole, naona kama kuna mtu amesimama kwa mlango.

Fundi wa Free Area: Hapana baba, mimi nilikimbia mpaka nje.

Sista wa Kondele: Baba Tatu yako ni mwili kuchelewa kuamka wakati akili imeshaamka, ni kitu ingine. Ya Fundi naijua kama nesi na pia kama mgonjwa, ilinisumbua miaka miwili. Hii huja sana ndani ya masaa matatu ya kwanza ya kulala, usingizi ukiwa unaingia ndani, na haihitaji ndoto ndio ikushtue.

Sasa vidole. Hewa haikuwa imekuisha, ulikuwa unapumua kupita kiasi. Ukivuta mfululizo unafukuza kabonidayoksaidi nyingi kwa damu, hapo ndio ganzi ya midomo na mikono kujikunja zinatoka, na unahisi unakosa hewa zaidi kwa hivyo unavuta zaidi. Kwa hivyo kitu ya kwanza ni KUTOA, sio kuvuta. Mimi naketi kando ya kitanda, miguu chini kwa simiti nisikie ile baridi, naachilia pumzi pole pole kwa mdomo kama mtu anapoza chai bila kuimwaga, halafu naacha hewa iingie yenyewe kwa pua, kidogo tu. Kuingia hesabu 4, kutoka 6. Naangalia saa mara moja, kwa sababu hii kitu kawaida hufika kileleni kwa dakika 10 hivi halafu inashuka. Na sishiki mshipa kuhesabu moyo! Hapo ndio nilikuwa najiharibia, kila nikigusa naona imeongezeka.

Omwana wa Kakamega: Kuhesabu kwangu kunanizidishia wasiwasi, nikikosea hesabu naanza upya nikitetemeka. Mimi hupumulia kwa mfuko wa karatasi wa unga, hiyo kabonidayoksaidi inarudi.

Sista wa Kondele: Sababu umeipata lakini mfuko achana nao ndugu. Zamani ilifundishwa, lakini kama siku hiyo ni asma au moyo kweli, unajinyima oksijeni wakati unaihitaji. Kama hesabu inakusumbua wacha hesabu, toa tu pole pole.

Baba Njeri: Mimi pia naamka nikitafuta hewa, mara tatu nne kwa usiku. Mama anasema nakoroma halafu nanyamaza kabisa, halafu naruka. Mchana nasinzia kwa matatu napitishwa stegi. Nianze hiyo ya chai?

Sista wa Kondele: Baba Njeri hapana, wewe enda upimwe usingizi. Kukoroma, kunyamaza na kusinzia mchana, hiyo ni koo kujifunga ukilala na haitulizwi na kupuliza. Na yeyote ambaye ni mara yake ya kwanza, ama kifua kinabanwa na maumivu yanaenda kwa mkono au taya, ama amezimia, asikae nyumbani akijiambia ni paniki. Fundi hukukosea kwenda.

Omwana wa Kakamega: Na mnaamsha mtu? Mimi nikiamsha mke wangu anaogopa kuliko mimi, anaanza kuomba kwa sauti, watoto wanaamka.

Sista wa Kondele: Mimi sikuwa naamsha. Lakini kuna wagonjwa wangu wanasema mkono wa mtu mgongoni ndio unawatuliza.

Fundi wa Free Area: Narudi na ripoti. Jana imekuja tena, saa 6:15. Miguu nikaweka chini, mzee nilikuwa nimemwambia mapema asiongee anishike tu bega. Nikatoa pumzi, ya kwanza ilikatika katikati kama kilio, ya nne au ya tano ndio ilinyooka. Vidole viliwasha kidogo lakini havikujikunja. Kuangalia saa, 6:24. Lakini usingizi ulirudi saa 9 na kitu, nilikuwa nalala chali nikisikiliza moyo. Hiyo sehemu ya kurudi kulala mnafanyaje?

Omwana wa Kakamega: Mimi hutoka kitandani kabisa, nakunja nguo za watoto kwa taa ndogo mpaka macho yawe mazito. Zikiisha nazikunjua naanza tena.