Mrejesho: Kuhakiki jibu la heksadesimali kwa kutumia baki

Niliuliza: “Nikishabadilisha 2F6 ya heksadesimali kuwa 758 ya desimali, nitahakikije haraka bila kurudia hesabu yote?”

Njia mliyonielekeza, ya kujumlisha tarakimu kisha kugawanya kwa 15, imenifaa sana, kwa kuwa 16 na vipeo vyake vyote vikigawanywa kwa 15 huacha baki ya 1. Hapa 2 + 15 + 6 ni 23, ambayo huacha 8, na 758 nayo huacha 8. Kwa oktali, yaani 1366, kigawanyo ni 7, na pande zote mbili huacha 2. Hata hivyo, aliyeandika 26F atapata baki ileile, kwa hiyo ninaongeza kipimo cha tarakimu ya mwisho: 758 ikigawanywa kwa 16 lazima ibaki 6.