Mrejesho: nembo ya kofia imedariziwa

Niliuliza: "Fundi wa darizi amekataa PNG ya nembo yangu. Nimpe faili gani?"

Wakuu, kofia zimetoka safi. Mashine ya darizi husoma mishono, siyo picha, kwa hiyo nilimpa fundi SVG, yaani faili ya nembo iliyochorwa kwa mistari, naye akapanga mishono na kutoa DST, faili ya mishono inayosomwa na mashine. DST haibebi rangi, hivyo nikamwandikia rangi za nyuzi kwa mfuatano. Rangi iliyokuwa ikififia taratibu tuliigawa mbili, na maandishi ya milimita 3 tukayatoa. Chini ya 5 hivi matundu ya herufi huziba. DST imepangwa kwa upana wa sentimita 6. Ukiikuza sana, mishono inaachana na kitambaa kinaonekana. Mchapaji nimempa PDF ya CMYK, yaani yenye rangi za wino wa uchapaji. Tovuti inatumia SVG ileile.