Fremu ya roboti: PLA au PETG, na bodi zifungwe vipi?

Mwalimu_Mamboleo: Habari za jioni. Fremu ya roboti ya wanafunzi wangu niliichapisha kwa PLA. Juzi niliiacha ndani ya gari, madirisha yamefungwa, jua la saa saba hapa Kisumu. Kuitoa, pale panaposhika mota pamepinda na magurudumu yameelekeana. Halafu bodi nimezipanga juu kwa juu, skrubu zinaingilia chini. L298N ikiungua nabomoa kila kitu. Nihamie PETG, au nibaki na PLA nijaze ndani 100%?

KaziMikono: Jaza 100 tu, mwalimu. Kitu kizito hakipindi.

Fundi_Kondele: Nusu umepata. Kitakuwa kigumu zaidi, lakini PLA huanza kulegea karibu na nyuzi 60 hata ukiijaza pomoni, na gari lililofungwa juani linaweza kufika hapo. PETG huvumilia hadi karibu 80. Mimi huweka ujazo wa 20% na kuta nne, kwa sababu skrubu hushikwa na kuta.

Bodi usizifunge kwenye fremu yenyewe. Chapisha sinia ya milimita 3, zipange bapa bega kwa bega, skrubu zote ziingilie juu. L298N iweke ukingoni ipate hewa. Ikiungua unafungua skrubu zake nne tu. Sinia nayo ishikwe na skrubu nne za M3, uinue ukitaka betri au mota. Waya za mota ziachie sentimita 10 za ziada, la sivyo sinia haitainuka.

Dada_Nyakach: Mbona boksi langu la kitotoleshi cha vifaranga ni PLA na mwaka wa pili huu halijapinda? Labda uliuziwa feki.

Fundi_Kondele: Kitotoleshi ni nyuzi 37 na nusu, dada. Hapo hata PLA inalala usingizi.

Nakuru_Robo: PETG ikivuta unyevu hutoa nyuzi kama utando wa buibui. Yangu naikausha kwa nyuzi 65, saa sita hivi. Ila kwa skrubu za sinia nazamisha vibushi vya shaba kwa chuma cha solda. Nati hudondoka ndani ukifungua, utaitafuta mpaka jioni.

Fundi_Kondele: Na kibushi kikianza kuzunguka ndani ya plastiki? Nati nabadilisha kwa shilingi chache, naendelea. Ibane tu shimoni.

Nakuru_Robo: Hakizunguki ukikizamisha polepole. Hapo hatutakubaliana.

Mwalimu_Mamboleo: Nimechapisha kipande cha majaribio kwa PETG. Nati ya M3 ina upana wa milimita 5.5. Shimo la 5.7 limeishika kwa kugongwa kidogo, la 6.2 inazunguka. Lakini nguzo ya kubebea bodi imekatika nikikaza, mkato safi kabisa.

Fundi_Kondele: Imeachia kati ya tabaka, maana uliichapisha ikiwa imesimama. Inenepeshe na mzizi wake uwe mpana, au nunua nguzo za nailoni. Mimi hununua.