Msingi wa rafti wa nyumba ya mita 9 kwa 8: je, zege ni mita za ujazo ngapi na saruji mifuko mingapi?

Mkazi wa Mbugani

Wakuu, habari za majukumu. Ninajenga nyumba ndogo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye kiwanja chenye ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Kwa sababu hiyo mchoraji alinishauri niachane na msingi wa mawe na kuweka rafti, yaani bamba moja la zege chini ya nyumba nzima, lenye bimu nene pembezoni.

Vipimo kwenye mchoro ni hivi. Bamba lina mita 9 kwa mita 8, nje kwa nje, na unene wa milimita 150. Bimu inazunguka pande zote, upana wake milimita 300 na kina chake milimita 450 kuanzia uso wa juu wa bamba. Kuna bimu nyingine moja ya vipimo hivyo hivyo katikati, chini ya ukuta unaogawa nyumba, ikifuata upande wa mita 8. Zege limeandikwa C25, na mchoraji alinieleza kwamba kwa kuchanganya kwa ndoo tutumie uwiano wa 1:1.5:3.

Nilipiga hesabu mwenyewe. Bamba ni 9 × 8 × 0.15, sawa na mita za ujazo 10.8. Bimu ya pembezoni ni mita 34 × 0.3 × 0.45, sawa na 4.59. Bimu ya kati ni 8 × 0.3 × 0.45, sawa na 1.08. Jumla 16.47. Fundi wangu alizidisha jumla hiyo kwa mifuko 6 na nusu akapata mifuko 107. Muuza vifaa vya ujenzi yeye alizidisha kwa 8 akapata 132. Tofauti ya mifuko 25 ni fedha nyingi kwangu, na sijui nimwamini nani kati ya anayefanya kazi na anayeuza.

Bibi Mipango

Ndugu, kabla ya saruji hesabu kwanza mirunda na mbao za kushikilia slabu. Sisi tulipomimina slabu ya ghorofa ya kwanza tulihesabu zege vizuri kabisa, lakini gharama ya mirunda ndiyo iliyotushangaza, na ilibidi ikae siku nyingi kabla ya kuitoa.

Mkazi wa Mbugani

Ahsante dada, lakini hii si slabu ya juu. Bamba linakaa juu ya ardhi, kwa hiyo hakuna mirunda. Mbao zinahitajika pembezoni tu.

Fundi wa Kahama

Mifuko 6 na nusu kwa kila mita ya ujazo ndicho kipimo nilichotumia tangu nianze kazi hii, na hakijawahi kuniangusha. Muuza duka ana sababu ya kutaka uchukue mifuko mingi. Nunua 107, ongeza 3 ya tahadhari, na utamaliza kazi.

Mzee wa Mizani

Nimesimamia kazi za zege kwa muda mrefu, hivyo naomba nieleze jambo moja baada ya jingine.

Fundi wa Kahama hajakosea katika kipimo chake, ila kipimo hicho ni cha uwiano wa 1:2:4. Vitu vikavu vikichanganywa na maji hushuka, kwa sababu mchanga huingia kati ya kokoto na saruji huingia kati ya mchanga. Kwa kawaida tunahesabu kwamba mita moja ya zege lililomiminwa inahitaji takriban mita 1.54 za vitu vikavu. Katika 1:2:4 mafungu ni 7, na saruji ni fungu moja. Gawanya 1.54 kwa 7, zidisha kwa kilo 1,440 za mita moja ya saruji isiyoshindiliwa, utapata kilo 317, yaani mifuko 6.3 ya kilo 50. Katika 1:1.5:3 mafungu ni 5.5 tu, na hesabu ile ile inatoa kilo 403, yaani mifuko 8 na chembe. Kwa hiyo fundi wako na muuza vifaa hawapingani. Kila mmoja amehesabu zege lake, na zege lililo kwenye mchoro wako ni lile la muuza vifaa.

Kosa liko kwenye ujazo wako, nalo ni la kawaida sana. Ulipozidisha 9 × 8 × 0.15 ulikwisha kulihesabu zege lote la milimita 150 za juu, pamoja na lile lililo juu ya bimu. Kilichobaki kwenye bimu ni milimita 300 zinazoteremka chini ya bamba, lakini wewe umeihesabu tena 450 nzima. Vilevile umetumia mzunguko wa nje wa mita 34, na hivyo kila kona imehesabiwa mara mbili. Pima kwenye mstari wa katikati ya bimu: jumlisha 8.7 na 7.7, kisha zidisha kwa mbili, sawa na mita 32.8. Zidisha kwa 0.3 na 0.3, unapata 2.95. Bimu ya kati haianzii nje, inaanzia kwenye uso wa ndani wa bimu ya pembezoni, kwa hiyo urefu wake ni mita 7.4 na ujazo wake 0.67. Jumla ni 14.42, si 16.47.

Hata hivyo usinunue bado. Tazama mkato wa bimu kwenye mchoro wako: je, upande wake wa ndani unashuka wima, au una mstari wa mshazari?

Mama wa Kibaha

Naomba niongeze yaliyonipata. Msingi wangu ulikuwa mdogo kuliko wako, na hesabu kwenye karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Saruji iliisha saa tisa alasiri tukiwa tumebakiza chumba kimoja. Duka la karibu lilikuwa limefungwa, tukamalizia kesho yake, na mpaka leo kuna ufa mwembamba unaofuata mstari ule ule tulipoishia, ukipita sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Baadaye tulipotoboa tundu la bomba la choo tuligundua kwamba bamba lililochorwa sentimita 15 lilikuwa na sentimita 18 mahali pale. Udongo wa chini haukuwa umesawazishwa.

Mzee wa Mizani

Mama wa Kibaha amegusa mahali ambapo saruji nyingi hupotelea. Katika bamba la mita za mraba 72, kila sentimita moja ya ziada ni mita ya ujazo 0.72, ambayo kwa uwiano huu inakula karibu mifuko 6. Sentimita 3 zikizidi nyumba nzima ni mifuko 17. Kabla ya siku ya kumimina, funga uzi kutoka ubao hadi ubao, kisha pima kwa futi kutoka kwenye uzi hadi chini, kila baada ya mita moja. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Mkazi wa Mbugani

Mzee, shikamoo na ahsante sana. Nimefungua mchoro tena. Upande wa nje wa bimu ni wima, lakini upande wa ndani una mshazari wa nyuzi 45, unaoanzia chini ya bimu na kupanda hadi chini ya bamba, milimita 300 kwa 300. Bimu ya kati ina mshazari pande zote mbili. Nilidhani ni mapambo ya mchoraji.

Mzee wa Mizani

Marahaba. Hayo si mapambo, ni zege. Mkato wa mshazari ni pembetatu yenye eneo la mita ya mraba 0.045. Bimu ya kati inagawa sehemu ya ndani kuwa vyumba viwili, kila kimoja mita 4.05 kwa 7.4, na pembetatu inazunguka ndani ya kila chumba. Mzunguko unaopimwa katikati ya uzito wa pembetatu, sentimita 10 kutoka uso wa bimu, ni mita 22.1. Vyumba viwili vinatoa mita za ujazo 1.99. Ongeza kwenye 14.42, unafika 16.41.

Utaona kwamba tumerudi karibu kabisa na 16.47 yako. Usiifurahie sana bahati hiyo, kwa maana kosa lako la kuhesabu mara mbili limefunikwa na kitu ulichokisahau. Ungekuwa na bimu ya wima, ungebeba mifuko 16 isiyo na kazi.

Sasa saruji: 16.41 kwa mifuko 8.06 ni mifuko 132. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, nunua 140. Mchanga utahitaji karibu mita 7 za ujazo na kokoto karibu 14. Zege jepesi la kusawazisha chini, la sentimita 5 kwa uwiano wa 1:3:6, lihesabiwe peke yake: karibu mifuko 16, kwa kuwa watu wengi hulisahau na kuiba saruji ya bamba.

Fundi wa Kahama

Nakubali kuhusu uwiano, mzee. Lakini mshazari si lazima. Ukipanga tofali upande wa ndani wa mtaro, kuta zinasimama wima na unaokoa mita 2 za zege. Nimefanya hivyo mara nyingi.

Jambo jingine: hiyo 1:1.5:3 itakuwa kweli tu iwapo vijana watapima. Mfuko mmoja una takriban lita 35, kwa hiyo unakwenda na ndoo 2 na nusu za lita 20 za mchanga, na ndoo 5 za kokoto na kidogo juu yake. Wakianza kumwaga kwa toroli, kila toroli lina kipimo chake.

Mzee wa Mizani

Kuhusu ndoo nakuunga mkono kabisa, na naongeza kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, hivyo ndoo iliyojaa mchanga wa asubuhi baada ya mvua ina mchanga mchache kuliko unavyoonekana. Zege linatoka kidogo, na saruji inaisha kabla ya wakati bila mtu kuiba.

Kuhusu tofali sikubaliani nawe. Mshazari unasaidia mzigo wa ukuta kutawanyika kutoka kwenye bimu hadi kwenye bamba, na nondo za mchoro huu huenda zimekunjwa kuufuata. Aulizwe mhandisi aliyeuchora kabla ya kuuondoa.

Fundi wa Kahama

Nyumba nilizojenga kwa tofali zimesimama, mzee. Ila ni kweli hazikuwa kwenye udongo wa mbuga.

Mkazi wa Mbugani

Narudi na taarifa. Mhandisi alikataa tofali, na akaagiza tuondoe udongo mweusi kwa kina cha mita moja na kujaza moramu iliyoshindiliwa kwa matabaka. Tulimimina Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tukamaliza saa kumi jioni bila kusimama. Tumetumia mifuko 137 kati ya 140. Uzi ulionyesha kwamba karibu na kona ya jikoni moramu ilikuwa imetitia sentimita 2 usiku wa kuamkia siku hiyo baada ya mvua, na tuliijaza kabla ya kuanza. Mifuko 3 iliyobaki nimeiinua juu ya mbao, mbali na sakafu.